Pauni Nane za Dalali, Nusu Asilimia ya Serikali

Anayenunua hisa katika Soko la Hisa la London hukatwa pesa mara mbili, na makato hayo mawili hayana tabia moja. Dalali hutoza ada kwa kila mwamala, na kwa madalali wengi wanaohudumia wawekezaji wadogo ada hiyo ni kiasi kimoja tu, awe mteja amenunua hisa za pauni 100 au za pauni 10,000. Serikali nayo hutoza ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 0.5 ya thamani ya hisa zilizonunuliwa. Ada ya dalali inafanana na nauli ya kukodi pikapu kwenda kuchukua mzigo: gunia moja au ishirini, nauli ni ileile. Ushuru unafanana na ule wa mazao, unaohesabiwa kwa kila gunia. Mwenye akaunti kubwa huisahau nauli haraka. Mwenye akaunti ndogo ndiye inayemuumiza, na mara nyingi hata hajui kinachomla, kwa kuwa pauni 8 zikitazamwa peke yake ni pesa ya chakula cha mchana.

Kiwango cha asilimia 0.5 kilianza kutumika tarehe 27 Oktoba 1986. Kabla ya hapo ushuru ulikuwa asilimia 1. Siku hiyohiyo soko la London liliachana na kamisheni za lazima ambazo madalali wote walitakiwa kuzitoza, na kila mmoja akawa huru kujipangia bei yake. Tangu hapo ada za madalali zimebadilika mara nyingi, lakini ushuru umebaki palepale. Hulipwa na mnunuzi, si muuzaji. Hulipwa pia hata kama hisa zitaporomoka kesho yake asubuhi, kwa sababu haukatwi kwenye faida, unakatwa kwenye tendo lenyewe la kununua. Makampuni yaliyosajiliwa kama wapatanishi wa soko, yale yanayonunua na kuuza siku nzima ili wengine wapate wa kufanya naye biashara, yamesamehewa. Mtu wa kawaida hajasamehewa.

Ushuru wenyewe uliwahi kuwa na sura ya ada ya kiasi kimoja, na bado unayo kwa hisa zinazohamishwa kwa hati ya karatasi. Huko, uhamisho usiozidi pauni 1,000 hautozwi kitu, na unaozidi hapo hutozwa asilimia 0.5 kisha kiasi kikapandishwa hadi pauni 5 inayofuata. Uhamisho wa pauni 1,001 una ushuru wa pauni 5 na nusu senti, na kwa ajili ya hiyo nusu senti mlipaji anatoa pauni 10. Hisa nyingi leo hununuliwa kwa mfumo wa kielektroniki, ambako hakuna msamaha wa chini wala kupandisha kiasi: hesabu ni nusu asilimia, ikikadiriwa kwa senti tu.

Kuna gharama ya tatu isiyoandikwa kwenye hati yoyote. Sokoni kila hisa ina bei mbili kwa wakati mmoja: bei ya juu ambayo mtu ananunulia, na bei ya chini ambayo anauzia. Anayenunua na kuuza dakika hiyohiyo hupoteza tofauti ya bei hizo mbili, hata kama soko halikutikisika. Hilo ndilo pengo la bei. Kwa makampuni makubwa ya London ni sehemu ndogo ya asilimia moja. Kwa kampuni ndogo linaweza kufika asilimia kadhaa. Kihesabu, pengo linakwenda upande wa ushuru, kwa maana linakua pamoja na kiasi kinachonunuliwa.

Kwa hiyo gharama zote zinaingia katika vikapu viwili. Kikapu cha kwanza ni cha kiasi kisichobadilika: ada ya kununua na ada ya kuuza. Cha pili ni cha asilimia: ushuru na pengo. Jambo muhimu hapa ni kuuhesabu mzunguko mzima, tangu pesa inapotoka mpaka inaporudi kuwa pesa, kwa sababu aliyenunua hajamaliza kulipa. Ada ya pili inamsubiri mlangoni.

Mfano utafanya jambo hili lionekane. Tuseme dalali anatoza pauni 8 kununua na pauni 8 kuuza, hisa ni za kampuni kubwa, na pengo lake ni asilimia 0.2. Mtu ananunua hisa za pauni 500. Analipa pauni 500 za hisa, pauni 2.50 za ushuru na pauni 8 za dalali: jumla pauni 510.50. Akigeuka na kuziuza papo hapo, bei ya kuuzia itampa pauni 499, na dalali atachukua 8 zake, abaki na pauni 491. Amepoteza pauni 19.50 bila soko kusogea hata hatua moja. Ili mtaji urudi kama ulivyotoka, bei ya kuuzia inabidi ipande kwa asilimia 3.9. Chini ya hapo, hata kama skrini ya simu inaonyesha hisa imepanda na imeandikwa kwa kijani, mtu huyo yuko kwenye hasara.

Hicho kiwango cha asilimia 3.9 ndicho kizingiti, na hubadilika kulingana na ukubwa wa mwamala. Mtu yuleyule akinunua hisa za pauni 100 tu, ada mbili bado ni pauni 16, ushuru ni senti 50 na pengo ni senti 20. Jumla pauni 16.70, yaani kizingiti cha asilimia 16.7. Kuna miaka mingi ambayo soko zima la London halipandi kiasi hicho. Akinunua za pauni 1,000, gharama ni pauni 23 na kizingiti ni asilimia 2.3. Kwa pauni 5,000 kinashuka hadi karibu asilimia 1, na kwa pauni 10,000 kinafika asilimia 0.86. Baada ya hapo kinaendelea kushuka, lakini kwa kusitasita, kwa kuwa kuna sakafu chini yake. Ushuru na pengo kwa pamoja ni asilimia 0.7, na hakuna ukubwa wa mwamala unaoweza kupita chini ya hapo.

Picha ya mstari huu ni ya mteremko mkali upande wa kushoto na tambarare upande wa kulia. Mahali mteremko unapoanza kugeuka tambarare panaweza kupatikana kwa hesabu moja: gawanya ada zote mbili kwa jumla ya asilimia. Pauni 16 gawanya kwa 0.007 ni takribani pauni 2,286. Chini ya kiasi hicho, dalali anamla mteja kuliko serikali na soko wakiwekwa pamoja. Juu yake, mambo hugeuka. Namba hii inafaa kujulikana kabla ya kuanza kulalamika, maana inaonyesha ni nani hasa wa kulalamikiwa. Mwenye miamala ya pauni 400 anayeukasirikia ushuru wa stempu amekosea adui: ushuru umemchukulia pauni 2, dalali 16.

Sasa swali linaweza kugeuzwa. Badala ya kuuliza bei inatakiwa ipande kiasi gani kwa mwamala fulani, mtu anauliza: kama natarajia faida fulani, mwamala wangu uwe mkubwa kiasi gani ili faida hiyo iishie kulipa gharama tu, isibaki na isipungue? Jibu ni ada zote mbili kugawanywa kwa kile kinachobaki baada ya kutoa ushuru na pengo kwenye faida inayotarajiwa. Kwenye jedwali la Excel, ada ya upande mmoja ikiwa B1, ushuru B2, pengo B3 na faida inayotarajiwa B4, hesabu yote ni mstari mmoja:

```
=2*B1/(B4-B2-B3)
```

Anayetarajia asilimia 5 kwa kila mzunguko atapata pauni 372. Kwa asilimia 3 ni pauni 696. Kwa asilimia 2 ni pauni 1,231, na kwa asilimia 1 ni pauni 5,333. Matarajio yamepungua mara tano, kiasi kimepanda zaidi ya mara kumi na nne. Sababu iko kwenye kutoa: ile asilimia 0.7 haionekani kubwa mbele ya asilimia 5, lakini mbele ya asilimia 1 imechukua sehemu kubwa, na kinachobaki kulipa ada ni asilimia 0.3 peke yake. Matarajio yakifika asilimia 0.7 au chini yake, hesabu inakataa kabisa. Itatoa namba hasi au kosa la kugawanya kwa sifuri. Hilo kosa lichukuliwe kama jibu: biashara ya aina hiyo haifai kwa mtu anayelipa ushuru, awe na mamilioni au awe na mia.

Kiasi kinachopatikana hapa ni cha kurudisha mtaji tu. Mwamala wa pauni 1,231 wenye matarajio ya asilimia 2 unaleta takribani pauni 24.60, na zote zinakwenda kwa dalali, serikali na pengo. Anayetaka nusu ya faida yake ibaki mkononi lazima apandishe mwamala hadi pale gharama zinapokuwa asilimia 1 tu, na kwa mfano huu ni zile zile pauni 5,333.

Namba inayoharibu hesabu hii mara nyingi kuliko nyingine zote ni B4. Watu huandika pale faida wanayoipata siku wanapopatia. Tuseme mtu amekuwa akiweka kumbukumbu na ameona kwamba katika miamala kumi, sita humletea asilimia 6 kila mmoja na minne humpotezea asilimia 4 kila mmoja. Akiandika asilimia 6, jedwali litampa pauni 302, naye ataona akaunti yake inatosha kabisa. Lakini faida anayopaswa kuitarajia ni wastani wa yote kumi: sita mara 6 ni 36, toa minne mara 4 ambayo ni 16, inabaki 20, ukigawanya kwa kumi ni asilimia 2. Kiasi sahihi ni pauni 1,231. Akiendelea na miamala ya pauni 302, kila mmoja kwa wastani utamletea pauni 6.04 na kumtoza pauni 18.11. Baada ya miamala kumi akaunti imepungukiwa karibu pauni 121, na mwenyewe atasema ana mkosi, ilhali uwezo wake wa kuchagua hisa ulikuwa mzuri tu. Gharama hulipwa katika miamala yote kumi, ile sita na ile minne. Ndiyo maana wastani ndio unaostahili kuwekwa mbele ya gharama.

Mtu mwenye akaunti ya pauni 1,500 anayefanya hesabu hii kwa uaminifu anajikuta kwenye kona. Matarajio yake ya asilimia 2 yanamtaka aweke pauni 1,231 katika mwamala mmoja, yaani zaidi ya asilimia 80 ya alichonacho katika kampuni moja, na hapo bado hajapata hata senti ya faida. Akiigawa akaunti katika kampuni tatu za pauni 500 ili asiweke mayai yote kapu moja, kizingiti kinapanda hadi asilimia 3.9, karibu mara mbili ya anachotarajia. Busara ya kugawanya hatari na busara ya kubana gharama zinavutana hapa, na akaunti ndogo haina kamba ya kutosha kuziridhisha zote mbili. Anayeshauri wadogo wagawanye pesa zao katika hisa kumi bila kutaja ada ametoa nusu ya ushauri.

Njia moja ya kutoka kwenye kona hiyo ni kubadilisha kitu kinachonunuliwa. Mifuko ya uwekezaji inayouzwa sokoni kama hisa, ile inayobeba makampuni mamia ndani ya kipande kimoja, haitozwi ushuru wa stempu mtu anapoinunua London. Kwa mfuko wenye pengo la asilimia 0.1, sakafu inashuka kutoka asilimia 0.7 hadi 0.1, na kiasi cha kurudisha mtaji kwa matarajio ya asilimia 2 kinakuwa pauni 842 badala ya 1,231. Kwa matarajio ya asilimia 1 ni pauni 1,778 badala ya 5,333. Juu ya hayo, kazi ya kugawanya hatari imekwisha kufanywa ndani ya mfuko, kwa ada moja. Mifuko hiyo ina makato yake ya mwaka ya uendeshaji, kwa hiyo anayekusudia kukaa nayo muda mrefu ayaingize kwenye hesabu.

Hisa zinazouzwa katika soko la makampuni madogo la AIM nazo ziliondolewa ushuru wa stempu mwezi Aprili 2014, na wengi huzikimbilia kwa sababu hiyo. Hapa jedwali linasaidia kuona mtego. Ushuru ni sifuri, lakini pengo la kampuni ndogo isiyouzwa sana likiwa asilimia 4, sakafu imepanda kutoka 0.7 hadi 4. Mtu amekimbia nusu asilimia ya serikali akaangukia asilimia nne za soko. Kwa hisa za kampuni zilizosajiliwa Ayalandi, kwa upande mwingine, ushuru ni asilimia 1, mara mbili ya ule wa Uingereza, na jina la kampuni peke yake halitoshi kumjulisha mnunuzi. Hati ya mwamala ndiyo husema.

Siku hizi wapo madalali wanaotangaza ada ya sifuri. Ukiandika sifuri kwenye B1, jibu la hesabu ni sifuri: mwamala wowote unafaa, mradi matarajio yanazidi ushuru na pengo. Hilo ni kweli, na limewafungulia mlango wenye akaunti ndogo sana. Ila ushuru haukuondoka, wala pengo. Mara nyingi pia mapato ya dalali yamehamia sehemu nyingine, hasa kwenye kubadilisha fedha pale mteja anaponunua hisa za Marekani kwa pauni. Makato hayo ni ya asilimia na hukatwa mara mbili, kwenda na kurudi, kwa hiyo yaongezwe kwenye kikapu cha pili kabla ya kusema kitu ni cha bure.

Kuna namna rahisi ya kugundua gharama zilizofichwa bila kumuuliza dalali. Chukua mizunguko miwili ya ukubwa tofauti katika hisa ileile, na kwa kila mmoja uandike kiasi chote kilichopotea kwa gharama, bei ya katikati ya soko ikiwa ndiyo kipimo. Kwenye mfano wetu, mwamala wa pauni 500 uligharimu pauni 19.50 na wa pauni 1,000 uligharimu 23. Pauni 500 za ziada zimeongeza pauni 3.50, nayo ni asilimia 0.7: hiki ndicho kikapu cha pili. Toa pauni 3.50 kwenye 19.50, zinabaki 16: hiki ndicho kikapu cha kwanza. Kama kumbukumbu halisi zinatoa asilimia 1.3 mahali ambapo mtu alitegemea 0.7, basi amenunua kwa bei mbaya kuliko ile aliyoiona kwenye skrini, au kuna makato ya fedha za kigeni. Kama kikapu cha kwanza kimetoka 24 badala ya 16, huenda oda yake ilitimizwa vipande vipande kwa siku mbili, na dalali akahesabu kila siku kuwa mwamala kamili. Hilo hutokea kwa oda zenye bei ya kikomo katika hisa zisizochangamka.

Katika masoko ya Nairobi na Dar es Salaam madalali hutoza kwa asilimia, na mtu anaweza kudhani kwamba habari za kikapu cha kwanza hazimhusu. Zinamhusu popote penye kiwango cha chini cha kamisheni. Dalali akisema anatoza asilimia 2 lakini si chini ya shilingi 100, basi kwa miamala iliyo chini ya shilingi 5,000 anatoza ada ya kiasi kimoja, jina lolote atakaloipa. Ada ya kutuma pesa kwa simu hadi kwenye akaunti ya dalali nayo imepangwa kwa madaraja: ndani ya daraja moja, mdogo na mkubwa hulipa sawa.

Mpaka hapa swali limekuwa la mtu anayenunua na kuuza. Wapo wengi zaidi ambao hawauzi: wanatenga kiasi kidogo kila mwezi, wananunua, wanakaa. Kwao swali linabadilika kuwa la muda. Wanunue kila mwezi kwa ada kila mwezi, au wakusanye kwanza?

Kukusanya kuna gharama yake, kwa kuwa pesa inayosubiri haifanyi kazi ambayo ingefanya ndani ya hisa. Tuseme mtu anatenga pauni 100 kila mwezi, ada ni pauni 8, na anakadiria kwamba hisa zitampa asilimia 5 kwa mwaka zaidi ya pesa iliyolala benki. Akinunua kila mwezi, ada za mwaka ni pauni 96, na hakuna kinachosubiri. Akinunua kila baada ya miezi mitatu, ada ni pauni 32 na kusubiri kunamgharimu takribani pauni 5: jumla 37. Kila baada ya miezi sita, ada ni 16 na kusubiri ni 12.50: jumla 28.50. Mara moja kwa mwaka, ada ni 8 lakini kusubiri kumefika 27.50, jumla 35.50. Sehemu ya chini kabisa iko karibu na miezi sita.

Hesabu inayolenga hapo moja kwa moja ni kipeuo cha pili cha mara 24 ya ada, iliyogawanywa kwa kiasi cha mwezi mara faida ya mwaka. Kwa namba hizi ni kipeuo cha pili cha 38.4, yaani miezi 6.2. Si hesabu mpya. Mhandisi wa Kimarekani Ford W. Harris aliichapisha mwaka 1913 akishughulikia swali la kiwanda kitengeneze vipuri vingapi kwa mkupuo mmoja, na mwaka 1952 mchumi William Baumol aliitumia kueleza mtu aweke fedha taslimu kiasi gani mkononi. Mwenye duka anayepima aende kuchukua mzigo mara ngapi kwa mwezi, nauli ya pikapu upande mmoja na mtaji uliolala stoo upande mwingine, anaifanya kichwani bila kuijua jina.

Mambo mawili katika hesabu hii yanastahili kukaliwa. La kwanza ni kwamba sehemu yake ya chini ni pana kama bakuli. Kati ya miezi minne na tisa, jumla ya gharama haivuki pauni 32. Kwa hiyo hakuna haja ya kubishana kama ni miezi sita au saba. Kosa la maana ni kununua kila mwezi, ambalo linagharimu zaidi ya mara tatu.

La pili ni kwamba ushuru haumo. Anayeweka pauni 1,200 kwa mwaka atalipa ushuru wa pauni 6, anunue mara kumi na mbili au mara moja. Ushuru wa asilimia haumwambii mtu anunue kwa vipande vya ukubwa gani; ada ya dalali ndiyo inayomwambia. Ushuru unaamua kitu kingine, nacho ni pesa ileile izungushwe mara ngapi. Mwenye pauni 1,500 anayezizungusha zote mara moja kila mwezi analipa kwa mzunguko mmoja pauni 16 za ada na pauni 10.50 za ushuru na pengo. Kwa mwaka ni pauni 318, au asilimia 21 ya akaunti. Mpe ada ya sifuri, bado atalipa pauni 126, asilimia 8.4. Akinunua mara moja na kuuza baada ya mwaka, gharama zake zote, ada zikiwemo, ni pauni 26.50.